Nini kinaivimbisha pakiti ya krispi ikifika Mbeya? Kanieneo ya gesi, kuanzia molekuli moja hadi ukuta mzima

Katoni ya krispi ikipakiwa Dar es Salaam, ikapanda Kitonga, ikapita Iringa na Makambako hadi kushushwa Mbeya, pakiti zake hufika zimevimba na kukaza. Hakuna aliyeongeza hewa njiani. Zimefungwa kiwandani, hazina tundu, na hewa iliyomo ndani ni ileile iliyofungiwa pale pwani. Jibu la haraka ni kwamba Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo ya hewa ya nje ni ndogo. Jibu hilo ni sahihi, lakini linaacha swali lenyewe bila kuguswa: hiyo kanieneo, ambayo mtaani tunaiita presha, inatoka wapi? Gesi haina mkono wala mguu. Inausukumaje ukuta?

Wazo kwamba inasukuma kwa kugonga ni la zamani. Daniel Bernoulli aliliandika mwaka 1738, miaka mingi kabla ya wanasayansi kukubaliana kwamba molekuli zipo. Alisema gesi ni vipande vidogo mno vinavyokwenda huku na huko kwa kasi, na kwamba kanieneo ni jumla ya vipigo vyake ukutani. Hesabu inayotoka kwenye wazo hilo hufundishwa kidato cha tano na cha sita, na wengi huikariri wakaitapika kwenye mtihani bila kujua ile 2 imetoka wapi, theluthi imetoka wapi, na kwa nini tunachukua wastani wa miraba badala ya mraba wa wastani. Twende nayo polepole.

Chukua molekuli moja yenye tungamo m, inayoelekea ukutani. Kasi yake igawe katika vipande vitatu: kimoja kinachoelekea ukuta moja kwa moja, tukiite v_x, na viwili vinavyokwenda sambamba na ukuta. Molekuli ikigonga ukuta laini na kurudi, vile vipande viwili vya sambamba havibadiliki. Kinachobadilika ni v_x peke yake: kilikuwa kinaenda mbele, sasa kinarudi nyuma kwa ukubwa uleule. Momenta ya molekuli upande huo ilikuwa m·v_x, sasa ni hasi m·v_x. Tofauti kati ya hizo mbili ni 2m·v_x, na hicho ndicho kipigo ambacho ukuta umepokea. Ile 2, basi, ni jumla ya vitu viwili. Nusu ya kipigo ni kuisimamisha molekuli, na nusu ya pili ni kuirusha ilikotoka. Shika hilo, maana tutalihitaji tukifika kwenye ukuta halisi, ambao si laini hata kidogo.

Kipigo kimoja hakituambii kanieneo. Tunahitaji kujua ni molekuli ngapi zinagonga kila sekunde. Hapa vitabu vingi vinaweka molekuli moja ndani ya boksi la urefu L, vinaiacha iende hadi ukuta wa mbali na kurudi, na kusema inagonga ukuta uleule kila baada ya muda 2L/v_x. Kisha vinagawanya kipigo kwa muda huo, na kani inatoka mv_x²/L. Jibu la mwisho ni sahihi, ila picha yenyewe si ya kweli, na mwanafunzi makini huikamata haraka. “Mwalimu, si umesema ziko nyingi mno? Sasa hii moja inafikaje ukuta wa pili bila kugongana na wenzake?”

Haifiki. Katika hewa ya Mbeya molekuli hukatiza wastani wa nanomita 80 hivi kabla ya kugongana na nyingine, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Ndani ya pakiti ya krispi hakuna molekuli inayotoka upande mmoja hadi wa pili kwa mstari ulionyooka. Swali la aina hiyo liliwasumbua wakubwa pia. Rudolf Clausius alipochapisha mwaka 1857 maelezo yake kwamba molekuli za hewa zinakwenda mamia ya mita kwa sekunde, Mholanzi Buys Ballot alimuuliza: kama zinakwenda mbio hivyo, mbona harufu huchukua muda kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine? Mwaka 1858 Clausius alijibu kwamba kila molekuli inagongwa na kupotoshwa njia mfululizo, na ndipo wazo la umbali wa wastani kati ya migongano lilipozaliwa.

Kwa hiyo tuache boksi la kitabu na tuhesabu kwa njia inayostahimili migongano hiyo. Tazama kipande cha ukuta chenye eneo A, na uchague muda mfupi sana, uite Δt. Katika muda huo, molekuli yenye kasi v_x kuelekea ukuta itagonga ikiwa tu iko ndani ya tabaka la hewa lenye unene v_x·Δt mbele ya kipande hicho. Iliyo mbali zaidi haitawahi. Ujazo wa tabaka hilo ni A·v_x·Δt. Ikiwa kila mita ya ujazo ina molekuli n za kasi hiyo, zitakazogonga ni n·A·v_x·Δt, na kila moja inatoa kipigo cha 2m·v_x. Zidisha, kisha gawanya kwa eneo na kwa muda:

P = 2·n·m·v_x²

Lakini nusu ya molekuli zote zinaelekea upande wa pili, zinauacha ukuta. Hizo hazigongi. Kwa hiyo n inayohusika ni nusu ya molekuli zote, ile 2 inakatwa, na kinachobaki ni P = n·m·v_x², ambapo n sasa ni molekuli zote zilizomo katika mita ya ujazo.

Angalia kwamba v_x imetokea mara mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye kipigo: inayokwenda kasi inagonga kwa nguvu zaidi. Ya pili ilitoka kwenye tabaka: inayokwenda kasi inafika kutoka mbali zaidi, kwa hiyo zinazogonga kwa sekunde ni nyingi zaidi. Mraba wa kasi ndio huo, sababu mbili tofauti zimezidishana.

Na lile swali la mwanafunzi? Muda Δt tunauchagua wenyewe. Katika hewa yetu molekuli hugongana na wenzake kila baada ya sekunde 1.7 × 10⁻¹⁰ hivi. Chagua Δt ya sekunde 10⁻¹¹, fupi kuliko hapo mara kumi na zaidi, na karibu molekuli zote zilizo kwenye tabaka zitafika ukutani bila kuguswa. Tabaka lenyewe litakuwa na unene wa nanomita tano tu, lakini kwenye sentimita moja ya mraba bado lina molekuli kama 10¹³, yaani milioni milioni kumi. Wastani wa umati huo ni thabiti kabisa. Zile chache zinazopotoshwa njia nafasi yake inachukuliwa na nyingine zilizosukumwa kuelekea ukuta, maana gesi imetulia na mgawanyo wa kasi haubadiliki. Boksi halihitajiki, umbo la chombo halihitajiki. Hesabu inafaa kwenye pakiti iliyojikunja kona kama inavyofaa kwenye mchemraba.

Kuhusu uthabiti, anayeishi chini ya bati anaujua kwa sikio. Matone machache ya mwanzo unayasikia moja moja, lakini mvua ya Machi ikishika, matone yanazidi idadi ya kusikika kila moja peke yake na unabaki mvumo mmoja usiopanda wala kushuka. Kanieneo ni mvumo huo.

Sasa theluthi. Molekuli hazina kasi moja, kwa hiyo badala ya v_x² tunaweka wastani wa v_x² wa molekuli zote. Na kwa kuwa gesi haipendelei upande wowote, wastani wa miraba ya vile vipande vitatu vya kasi ni sawa. Jumla ya miraba hiyo mitatu ni mraba wa kasi nzima, kwa kanuni ya Pithagorasi. Basi kila kimoja ni theluthi:

P = ⅓ · n · m · (wastani wa v²)

Hapa ndipo penye kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye madaftari, na ni kosa la hatari kwa sababu linatoa jibu sahihi. Mwanafunzi anaandika kwamba theluthi ya molekuli zinakwenda mbele na nyuma, theluthi kushoto na kulia, theluthi juu na chini, kwa hiyo sehemu moja ya sita inaelekea ukuta, kila moja kwa kasi nzima v. Anazidisha n/6 kwa v kwa 2mv na kupata theluthi ileile. Lakini mwulize ni molekuli ngapi zinagonga ukuta kwa sekunde. Atakwambia nv/6, na amekosea. Jibu la kweli ni robo, n mara kasi ya wastani, gawanya kwa nne, kwa sababu molekuli zinakuja kwa kila pembe na nyingi zinagonga kimshazari. Zinazogonga ni nyingi kuliko alivyodhani, na kila moja inagonga kwa nguvu ndogo kuliko alivyodhani. Makosa mawili yamefutana kwenye kanieneo. Hayatafutana akiulizwa gesi inavuja kwa kasi gani kupitia kitundu kidogo, maana huko idadi ya migongano ndiyo jibu lenyewe.

Wastani wa miraba nao si mraba wa wastani. Chukua molekuli tatu zenye kasi za mita 300, 500 na 700 kwa sekunde. Wastani ni 500, na mraba wake ni 250,000. Ukichukua mraba wa kila moja kwanza, 90,000 na 250,000 na 490,000, wastani wake ni karibu 276,700. Tofauti ni zaidi ya sehemu moja ya kumi, na anayepata hasara hiyo kwenye mtihani huwa hajui imetokea wapi. Molekuli za mbio zina uzito mkubwa kwenye kanieneo kuliko idadi yake.

Tuilete Mbeya. Chukua siku yenye kanieneo ya kilopaskali 83 na jotoridi la nyuzi 20. Hewa ya namna hiyo ina tungamo la karibu kilo 0.99 kwa kila mita ya ujazo. Katika fomula yetu, n·m ni tungamo hilohilo: idadi ya molekuli katika mita ya ujazo mara tungamo la kila moja. Kwa hiyo hatuhitaji kujua molekuli ina ukubwa gani wala ziko ngapi. Wastani wa mraba wa kasi ni 3 × 83,000 ÷ 0.99, yaani karibu 251,500, na kipeuo chake cha pili ni mita 500 kwa sekunde. Mizani na barometa vimetupa kasi ya kitu ambacho hakuna jicho lililokiona.

Je, tuiamini? Upo ukaguzi mmoja ulio huru. Sauti husafirishwa na molekuli zenyewe, kila moja ikimpasha mwenzake msukumo, kwa hiyo sauti haiwezi kuzipita kwa mbali. Inatakiwa kuwa na kasi ya kiwango hichohicho, ila chini kidogo. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti huenda mita 343 hivi kwa sekunde. Ni karibu asilimia 68 ya zile 500, na nadharia kamili ya sauti katika hewa inadai uwiano huohuo.

Sasa hesabu vipigo. Tungamo la wastani la molekuli ya hewa ni kilo 4.8 × 10⁻²⁶, kwa hiyo mita ya ujazo ya Mbeya ina molekuli kama 2 × 10²⁵. Kila sentimita ya mraba ya ukuta inagongwa mara 2.4 × 10²³ kwa sekunde. Kila kipigo, kwa wastani wa zile zinazogonga, ni nyutoni-sekunde 3.5 × 10⁻²³, kitu cha kudharauliwa. Zidisha viwili hivyo na unapata nyutoni 8.3 hivi, sawa na kuning’iniza kitu cha gramu 850 kwenye kila sentimita ya mraba. Vumbi la vipigo limekuwa mzigo.

Pakiti ya krispi ina nyuso mbili, na zote mbili zinapigwa. Tuseme ilifungwa Dar siku ya nyuzi 30, kwa kanieneo ya kilopaskali 101. Kule, kila mita ya ujazo ya hewa ilikuwa na molekuli 2.4 × 10²⁵, na kasi yake ilikuwa mita 511 hivi. Linganisha na 500 za Mbeya: kasi imepungua kidogo tu. Kinachotofautisha hewa ya pwani na ya nyanda za juu ni wingi wa molekuli zaidi kuliko mbio zake. Watu wengi wanadhani kinyume, kwamba hewa ya juu inasukuma kidogo kwa kuwa imechoka kwa baridi.

Pakiti ikishapoa hadi nyuzi 20, molekuli za ndani nazo zimepungua kasi, kwa hiyo kama pakiti isingeweza kutanuka, ndani kungekuwa na kilopaskali 98. Nje ni 83. Tofauti ya 15 ni nyutoni moja na nusu kwenye kila sentimita ya mraba. Upande mmoja wa pakiti wenye sentimita 10 kwa 15 ungesukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 23. Plastiki laini haivumilii hilo. Inasogea nje, ujazo unaongezeka, molekuli zilezile zinatawanyika kwenye nafasi kubwa zaidi, n inashuka, na vipigo vya ndani vinapungua kuelekea usawa na vya nje. Kama plastiki isingekuwa na mkazo wake, ingetulia pale ujazo ungekuwa umeongezeka kwa asilimia 18. Pakiti iliyojazwa hewa kidogo ina nafasi ya kufanya hivyo na inabaki laini. Iliyojazwa sana inakosa pa kutanukia, na mshono wake unabeba tofauti iliyobaki. Ndiyo maana ikipasuka hupasukia kwenye mshono.

Nimesema ukuta halisi si laini. Kwa molekuli, plastiki hiyo ni milima na mabonde. Inayogonga mara nyingi inanata kidogo, kisha inatoka kwa pembe yoyote na kwa kasi yoyote, bila kukumbuka ilivyoingia. Je, hesabu ya 2m·v_x imevunjika? Kwa molekuli moja, ndiyo. Kwa umati, hapana, mradi ukuta na gesi vina jotoridi moja. Kumbuka ile 2 ni nusu ya kufika na nusu ya kuondoka. Zinazofika zinaleta nusu yake kama kawaida. Zinazoondoka, zikiwa zimetoka kwenye ukuta wenye jotoridi lilelile, zina mgawanyo wa kasi uleule wa zilizofika, kwa hiyo teke lake la kuondokea lina wastani uleule. Gesi ikiwa nyembamba mno na ukuta ukiwa wa moto kuliko gesi, zinazoondoka zinapiga teke kubwa zaidi na usawa huo unavunjika, lakini katika hewa ya kawaida hilo halikuhusu.

Mpaka mwingine uko kwenye msongamano. Tumechukulia kwamba molekuli hazivutani. Katika hewa ya Mbeya umbali wa wastani kati ya molekuli na jirani yake ni kama mara kumi ya kipenyo chake, na mvutano hausumbui. Ukizibana zikakaribiana, zile zinazokaribia ukuta zinavutwa nyuma na wenzake na kugonga kwa upole zaidi kuliko fomula inavyotabiri. Zikizidi kubanwa, gesi kama ya kupikia inageuka kimiminika, na hapo kuna jambo ambalo linawapotosha wengi jikoni.

Ndani ya mtungi wa gesi, juu ya kimiminika, mvuke unagonga chuma kwa kanuni ileile tuliyoihesabu. Lakini n haiko mikononi mwako. Ukifungua jiko na mvuke ukatoka, molekuli nyingine zinachomoka kutoka kwenye kimiminika na kujaza nafasi, mpaka n irudi kwenye kiwango kinachopangwa na jotoridi na mchanganyiko wa gesi. Mtungi uliojaa na mtungi uliobakiwa na robo vina kanieneo inayokaribiana, na geji haitakuambia gesi imebaki kiasi gani. Inaanguka wazi pale tu kimiminika kinapokwisha. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, baridi inapunguza zinazochomoka, n inashuka, na moto unakuwa dhaifu hata kama mtungi bado una kitu. Anayetaka kujua kilichobaki aupandishe mtungi kwenye mizani, kisha atoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake.